Midomo ya Rangi Mbili: Uchambuzi wa Uchaguzi wa Lipstiki kwa Midomo Myeusi

Mwanamke mwenye midomo myeusi anayetafuta lipstiki hupewa ushauri wa aina tatu unaopingana. Muuzaji wa duka la vipodozi humshauri achukue rangi nyepesi ili midomo ichangamke. Mpambaji wa maharusi humwambia aanze na konsila, yaani krimu nzito ya kufichia madoa, ndipo lipstiki ifuate juu yake. Na shangazi yake, ambaye hajui habari za konsila, humwambia kwamba damu ya mzee haijapata kumwaibisha mtu. Akiifuata rai ya kwanza mdomo wa juu hubaki na rangi ya majivu, akiifuata ya pili hupendeza hadi kikombe cha kwanza cha chai, na akiifuata ya tatu huambiwa na wenzake kwamba amejizeesha. Hakuna aliyemdanganya kati ya hao watatu, ila kila mmoja alikuwa anatatua tatizo tofauti. Uchambuzi huu unahusu jambo moja tu lililo chini ya mkanganyiko huo, nalo ni sababu ya lipstiki moja kutoa rangi mbili katika kinywa kimoja, na njia ipi ya kulirekebisha hilo ina gharama ndogo kuliko nyingine.

Asili ya rangi mbili

Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ngozi ya mashavu, na mishipa midogo ya damu hupita karibu sana na uso wake. Rangi ya mdomo kwa hiyo hutokana na vitu viwili vinavyoshindana: damu, inayoipa ngozi wekundu, na melanini, ambayo ni chembe za rangi ya kahawia na nyeusi zinazotengenezwa na ngozi yenyewe. Penye melanini kidogo damu huonekana na mdomo huwa wa waridi. Penye melanini nyingi damu hufichika na mdomo huwa wa kahawia, wa zambarau iliyofifia au mweusi kabisa. Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi mgawanyo wa melanini hauko sawa: mdomo wa juu huwa umekolea, ilhali wa chini huwa na ukingo mweusi unaouzunguka uwanja wa waridi ulio katikati. Hilo ni umbile, wala si ugonjwa wala dalili ya uchafu, na kwa kuwa halibadilikibadiliki, mtu akishaujua mdomo wake maarifa hayo humtumikia kwa miaka.

Uko weusi mwingine ambao hauna utulivu huo. Midomo inayolambwalambwa kila mara, inayounguzwa na jua, au inayopitiwa na moshi wa sigara siku nzima huongeza melanini, na vivyo hivyo midomo iliyovimba kwa mzio kisha ikapona, kwa sababu ngozi nyeusi ina desturi ya kuacha kovu la rangi mahali palipowaka. Kejeli iliyopo ni kwamba mzio huo wakati mwingine huletwa na lipstiki yenyewe, hasa manukato yaliyomo, au na dawa ya meno, hivyo mtu huendelea kupaka kile kile kinachomzidishia weusi anaoufunika. Dawa za kundi la salfa nazo zinaweza kuacha doa jeusi mdomoni kwa baadhi ya watu, doa ambalo huwaka upya mahali pale pale kila dawa ile inapomezwa tena. Mtu wa namna hii hana haja ya kutafuta rangi mpya kabla ya kuondoa kisababishi, na doa lililojitokeza ghafla, linalokua au linalobadilika umbo, hupelekwa kwa daktari wa ngozi na si kwa muuza vipodozi.

Kioo na chokaa

Mchoraji wa Kimarekani Albert Munsell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1905, alieleza kwamba kila rangi ina sifa tatu zinazoweza kupimwa mbalimbali: aina yake, yaani kama ni nyekundu, ya machungwa au ya zambarau, kina chake, yaani iko karibu na weupe au karibu na weusi, na ukali wake, yaani imeiva au imefifia. Karibu mazungumzo yote ya dukani huhusu aina: nyekundu inamfaa, ya machungwa haimfai. Lakini ukiitazama midomo ya rangi mbili kwa kipimo cha Munsell, tofauti kubwa kati ya mdomo wa juu na wa chini haiko katika aina, iko katika kina. Yule anayetafuta aina sahihi ya rangi kwa ajili ya tatizo la kina anaweza kununua lipstiki kumi bila kufika.

Lipstiki yenyewe ni mchanganyiko wa nta na mafuta uliobeba chembe za rangi, na chembe hizo hufanya kazi kwa namna mbili. Zipo zinazofanya kazi kama kioo cha rangi. Mwanga huzipita, ukaugonga mdomo, ukarudi ukizipita tena, na kinachoonekana ni rangi ya lipstiki ikiwa imechanganyika na rangi ya mdomo. Kipande cha kioo chekundu kikiwekwa juu ya kitambaa cheupe huonekana chekundu, kikiwekwa juu ya kitambaa cha kahawia huonekana kama kimezimika, na hicho ndicho kisa cha lipshaini nyekundu ambayo chini inawaka na juu haionekani. Tambuu, iliyotia wekundu midomo ya watu wa pwani kabla ya lipstiki kuwako, ilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kutia doa bila kufunika. Zipo kwa upande wa pili chembe zinazofanya kazi kama chokaa ukutani: hazipitishi mwanga, huurudisha zenyewe, na kwa hiyo huficha kilicho chini. Kinara wao ni dioksidi ya titani, unga mweupe ambao kwenye maandishi ya pakiti hutambulishwa kwa namba CI 77891, akifuatwa na oksidi za chuma, ambazo ni ndugu wa kutu ya kawaida na hutoa wekundu wa tofali, manjano ya udongo na weusi.

Tofauti kati ya wafunikaji hao wawili ndiyo kiini cha jambo lote. Oksidi za chuma hufunika kwa rangi yake, ilhali dioksidi ya titani hufunika kwa weupe, na weupe ukitandazwa kwa wembamba juu ya kitu cheusi hauonekani mweupe. Moshi wa kuni unaopanda mbele ya miti yenye kivuli huonekana una ubuluu, ingawa hakuna aliyeweka buluu motoni, kwa sababu chembe ndogo ndogo zilizo mbele ya giza hutawanya zaidi upande wa buluu wa mwanga. Tabaka jembamba la lipstiki yenye titani nyingi juu ya mdomo mweusi hufanya kitu cha namna hiyo, na rangi ya mchanga iliyopendeza ndani ya kichupa hugeuka kijivu mdomoni. Wengi hudhani kijivu hicho kinatoka kwenye midomo yao, kumbe kinatoka kwenye chokaa.

Rai ya kwanza: kuupandisha weusi

Wanaoshikilia rai hii husema kwamba mdomo uliokolea uletwe juu hadi ulingane na ule wa waridi, ama kwa konsila ama kwa fandesheni, kisha lipstiki yoyote ipakwe kama inavyopakwa kwenye karatasi nyeupe. Nguvu ya rai hii ni kwamba ndiyo pekee inayofungua mlango wa rangi nyepesi, kama waridi ya maziwa au rangi ya mchanga, na kwa bibi harusi anayepigwa picha kwa saa tatu, akiwa na mpambaji pembeni wa kumrudishia kila inapobanduka, ina faida ya kweli.

Udhaifu wake unatokana na unene. Ili tabaka la weupe liache kuwa moshi na kuwa ukuta, ni lazima liwe nene, na midomo ni mahali pabaya pa kujenga ukuta, kwani hukunjwa, hunyoshwa, hulowa na husuguana mamia ya mara kwa siku. Konsila huanza kupasuka kwenye mistari ya mdomo, kisha hubanduka kwenye ukingo wa ndani, mahali mdomo mkavu unapokutana na ute, na kwa kuwa kilichofichwa ni cheusi na kilichofunika ni cheupe, kila ufa huonekana kwa mbali. Kosa dogo linalosamehewa kwenye rangi iliyokolea halisameheki hapa.

Wapo wanaojaribu kuukwepa unene huo kwa krimu ya rangi ya machungwa, wakitegemea kanuni kwamba machungwa na buluu ni rangi zinazopingana na hivyo huzimana. Kanuni ni ya kweli, ila inaahidi kidogo kuliko inavyodaiwa. Machungwa yakikutana na weusi wenye ubuluu huondoa ubuluu, na kinachobaki ni kahawia yenye joto, hayaondoi weusi. Kwa lugha ya Munsell, krimu hiyo hubadili aina ya rangi na kuacha kina karibu pale pale, na pale inapoonekana kuinua kina, aliyeinua ni titani iliyochanganywa ndani yake. Matumizi yake yenye maana ni kuwekwa kidogo chini ya lipstiki nyepesi ili kijivu kisijitokeze, na hasa kwa midomo inayoelekea zambarau. Kwa midomo ambayo tayari ni ya kahawia yenye joto haina kazi kubwa.

Rai ya pili: kuushusha wekundu

Rai ya pili inaligeuza swali. Badala ya kuuliza mdomo mweusi utapandishwaje, inauliza mdomo wa waridi utashushwaje hadi ulingane na ule uliokolea. Chombo chake ni penseli ya midomo, au hata wanja wa kahawia kama ni wa aina inayofaa kupakwa mdomoni, na mahali pa kazi ni ule uwanja wa waridi ulio katikati ya mdomo wa chini. Ukingo na mdomo wa juu haviguswi, au hupitiwa kwa wepesi tu. Baada ya hapo hupakwa lipstiki ambayo kina chake ni sawa na kile cha sehemu iliyokolea, au chini yake kidogo: damu ya mzee, zambarau ya bilinganya, chokoleti, nyekundu ya tofali, waridi iliyokomaa.

Ubora wa rai hii ni wa kimaumbile kabla ya kuwa wa kiurembo. Kutia giza penye mwanga kunahitaji tabaka jembamba, kama vile tone la kahawa linavyotosha kubadili maziwa, ilhali kutia mwanga penye giza kunahitaji tabaka nene. Tabaka jembamba halipasuki haraka, na hata likibanduka linafichua mdomo usiotofautiana sana na lipstiki yenyewe, hivyo mtu anaweza kula wali na kunywa chai pasipo kulazimika kukimbilia kioo. Aina ya rangi nayo hupata nafasi yake sawasawa hapa, kwa kuwa kina kikishasawazishwa ndipo uchaguzi kati ya wekundu unaoelekea machungwa na ule unaoelekea buluu unapoonekana: juu ya midomo ya kahawia ule wa kwanza hutua kama tofali au mdalasini, na wa pili hutua kama divai au zambarau.

Lawama kwamba njia hii inazeesha au inaufanya uso uwe mzito haikosi msingi. Midomo iliyokolea huonekana midogo na ukingo wake huwa mkali, na lipstiki kavu isiyong'aa huongeza hali hiyo. Lakini dawa ya lawama hiyo iko katika ukali na mng'ao, haiko katika kina. Rangi iliyokolea ambayo bado imeiva, kama nyekundu ya divai, huuchangamsha uso mweusi kuliko kahawia iliyofifia yenye kina kile kile, na tone la lipshaini isiyo na rangi katikati ya mdomo wa chini hurudisha ujazo uliopotea. Udhaifu usio na dawa ni mmoja tu: anayetaka midomo ya rangi ya mchanga hataipata kwa njia hii.

Rai ya tatu: kuiacha ionekane

Wapo wasemao kwamba rangi mbili ni pambo lenyewe, na kwamba lipshaini ya uwazi au yenye rangi kidogo ndiyo iliyo bora. Kwa mwenye tofauti ndogo kati ya juu na chini rai hii ni nyepesi na ya bei nafuu, na mtindo ulioenea wa kuchora ukingo kwa kahawia na kuacha katikati pang'ae ni tawi lake, kwani huifanya tofauti ya asili ionekane imekusudiwa. Haimfai yule ambaye uwanja wake wa waridi umekaa upande mmoja au una umbo la doa, kwa sababu mng'ao huvuta jicho pale pale asipotaka litazame.

Majaribio mbele ya kaunta

Desturi ya kujaribu lipstiki mgongoni mwa mkono huonyesha aina ya rangi lakini huficha lile linalotafutwa, kwa kuwa mgongo wa mkono una kina kimoja na mdomo una viwili. Ncha ya kidole, inayopendekezwa na wengi kwa sababu ni ya waridi, kwa mtu mweusi hufanana na mdomo wa chini tu. Kuipaka lipstiki ya majaribio moja kwa moja mdomoni nako hakufai, kwani kichupa kilichopita midomo ya watu wengi huweza kueneza vidonda vya malengelenge. Namba za pakiti husaidia kwa kiasi, ila mara nyingi orodha ya rangi huandikwa moja kwa familia nzima ya lipstiki, hivyo CI 77891 huweza kuonekana hata kwenye ile yenye chembe chache tu za titani.

Kipimo kilicho bora hakina gharama, nacho kimetoholewa kutoka kwa watengenezaji wa rangi za kuta, ambao hupaka rangi juu ya kadi yenye sehemu nyeupe na nyeusi ili waone inavyofunika. Gazeti lenye kichwa cha habari cha herufi nene nyeusi hutosha. Lipstiki ikichotwa kwa kijiti cha pamba na kupitishwa mara moja juu ya herufi na juu ya karatasi tupu, hutoa jibu moja kati ya matatu: herufi zikibaki nyeusi tititi, lipstiki ni kioo na mdomoni itatoa rangi mbili; herufi zikififia na kuwa za kijivu chenye ubuluu, imejaa chokaa; na juu ya herufi kukionekana wekundu au kahawia halisi, hata kama ni ya kiza, basi inafunika kwa rangi yake. Kipimo hiki ni kikali kupita mdomo wowote, kwa kuwa hakuna mdomo mweusi kama wino, na ndiyo maana lipstiki inayofaulu kwa nusu tu hapa hufaulu vizuri mdomoni.

Uchukuliwe mfano wa mwanamke wa rangi ya maji ya kunde iliyokolea, ambaye mdomo wake wa juu ni wa chokoleti na wa chini una ukingo wa kahawia na katikati ya waridi, naye amewekewa lipstiki tatu mbele yake. Ya kwanza ni ya rangi ya mchanga: gazetini inaacha kijivu, na kama ilivyotabiriwa, mdomo wa juu unakuwa kama uliopakwa unga wa muhogo huku wa chini ukibaki na waridi hafifu. Ya pili ni nyekundu nyangavu ya uwazi: herufi hazibadiliki, na mdomoni inatoa damu ya mzee juu na nyekundu ya bendera chini. Ya tatu ni nyekundu ya tofali isiyong'aa, na gazetini inaacha wekundu wa kiza juu ya herufi. Kabla ya kuipaka, midomo hutiwa mafuta kidogo na kuachwa kama dakika 10, kisha hufutwa, kwa sababu magamba makavu hunywa rangi zaidi na kuleta madoa mapya. Penseli ya kahawia inayofanana na ukingo hupitishwa katikati ya mdomo wa chini pekee hadi waridi ipotee, na mkono husimama hapo. Tabaka la kwanza la tofali hupakwa jembamba, hubanwa kwa karatasi laini ili mafuta yatoke na chembe zibaki, kisha hufuata la pili. Ukaguzi hufanyika mlangoni au dirishani na si chini ya taa ya duka, kwani taa nyingi hafifu hazina wekundu wa kutosha na huifanya tofauti ya juu na chini ionekane ndogo kuliko ilivyo. Ikiwa bado mdomo wa chini unang'aa kuliko wa juu kwa umbali wa mkono mmoja, kinachoongezwa ni penseli chini, si lipstiki juu.

Jambo la kufaa kuangaliwa katika mfano huo ni kwamba lipstiki ya pili haikupotea. Juu ya msingi ule ule wa penseli, nyekundu ya uwazi hutua karibu sawa juu na chini, kwa kuwa kioo sasa kimewekwa juu ya kitambaa cha rangi moja. Mwenye penseli moja iliyolingana vizuri na sehemu nyeusi ya mdomo wake huweza hivyo kuzifufua lipstiki nyingi alizokwisha kuzitupa kando.

Njia ya mkato na bei yake

Rai ya nne, ambayo haistahili kuwekwa safu moja na zilizotangulia, ni ya kuing'arisha ngozi ya midomo yenyewe kwa krimu. Zile zinazofanya kazi haraka mara nyingi zimebeba hidrokwinoni, steroidi au zebaki. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania na Kenya, na hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wenye ubuluu ulio mgumu kuondoka kuliko ule wa mwanzo. Kipodozi cha mdomoni, zaidi ya hayo, humezwa kidogo kidogo kila siku. Weusi uliotokana na jua hupunguzwa kwa zeri ya midomo yenye kinga ya jua na kwa subira. Weusi wa kuzaliwa hauna haja ya tiba.

Uzito wa hoja

Zikipimwa kwa kazi ya kila siku, rai ya kuushusha wekundu ndiyo inayoshinda, kwa sababu inafanya kazi na melanini iliyopo badala ya kupigana nayo, na kwa sababu inaposhindwa hushindwa polepole pasipo kumuumbua mtu. Rai ya kuupandisha weusi ibaki kwa siku ya picha na kwa anayetaka rangi nyepesi kwa dhati, naye achague lipstiki nyepesi yenye wekundu au machungwa ndani yake badala ya ile ya maziwa, na apake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Rai ya kuiacha ionekane ni ya wenye tofauti ndogo. Anayekwenda dukani na fedha za kitu kimoja tu na anunue penseli ya kahawia inayofanana na sehemu iliyokolea zaidi ya mdomo wake, kwani lipstiki anayo tayari nyumbani.